Saa ya Nani Kwenye Ncha ya Kusini? Uchambuzi wa Kisa cha Kituo cha Amundsen-Scott

Tarehe 22 Septemba 2017, saa 20:54:30 kwa saa sanifu ya dunia, ile ijulikanayo kwa kifupi kama UTC, nyutrino moja, yaani chembe ndogo mno itokayo angani, iligonga barafu karibu na Ncha ya Kusini, na chembe iliyozaliwa na mgongano huo ikapita katikati ya vihisi vya IceCube. Huo ni mtambo wa vihisi 5,160 vilivyofukiwa ndani ya barafu, kuanzia kina cha meta 1,450 hadi meta 2,450. Baada ya sekunde 43 tangazo la kompyuta lilikuwa limekwisha kutumwa kwa wanaastronomia duniani kote, nao wakageuza darubini zao kuelekea upande ilikotoka nyutrino hiyo. Tukio hilo likaitwa IceCube-170922A, kwa maana ya tukio la kwanza la mwaka wa 17, mwezi wa 09, siku ya 22.

Lakini watu waliokuwa wakiishi juu ya barafu hiyo hiyo, katika Kituo cha Amundsen-Scott, hawakuwa katika tarehe 22 wala hawakuwa usiku. Saa yao ya ukutani ilionyesha 08:54, Jumamosi tarehe 23 Septemba. Wakati huo huo Dar es Salaam na Nairobi ilikuwa Ijumaa, dakika sita kabla ya saa sita usiku. Tukio moja, mahali pamoja, likawa na tarehe mbili, na tarehe zote mbili zilikuwa sahihi. Uchambuzi huu unauliza jinsi kituo hicho kilivyofikia kuwa na saa hiyo, saa hiyo inafanya kazi gani, na ni wapi inapoleta hitilafu.

Kwa nini mahali hapo hapana saa ya kwake

Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna njia ya karibu ya kulielewa tatizo hili, kwa sababu hesabu yetu imefungamana na jua waziwazi. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza tangu jua kuchomoza, na saa kumi na mbili jioni jua linatua. Hesabu hiyo inawezekana kwa kuwa tunaishi karibu na Ikweta, ambako mchana na usiku hugawana siku karibu nusu kwa nusu mwaka mzima. Tukiichukua hesabu hiyo hiyo hadi Ncha ya Kusini, jua linachomoza mara moja tu kwa mwaka, katika siku za Septemba, na linatua mara moja tu, katika siku za Machi. Saa moja asubuhi ingeangukia mwishoni mwa Septemba, adhuhuri ingekuwa kuelekea Krismasi, na kila saa ya mchana ingedumu nusu mwezi. Kwa sababu hiyo nitaandika saa zote humu kwa mfumo wa saa 24 zinazoanza usiku wa manane.

Mfumo wa kimataifa wa majira, unaogawa dunia kwa mistari ya longitudo, nao unakwama hapo kwa namna yake. Mfumo huo unasema kwamba nyuzi 15 za longitudo ni sawa na saa moja ya jua. Kwenye Ikweta nyuzi 15 ni safari ya karibu kilometa 1,670, kwa hiyo mtu anaweza kuishi maisha yake yote ndani ya saa moja bila kuvuka mpaka. Mistari ya longitudo hata hivyo hukaribiana kadiri inavyoelekea nchani, na hatimaye yote hukutana. Ukisimama meta 100 kutoka Nchani, mzunguko mzima wa dunia ni meta 628 tu, na kila saa moja ya jua ina upana wa meta 26. Mtu anayetoka chumbani kwenda bohari angeweza kuvuka saa tatu au nne njiani. Ukisimama penye alama yenyewe, longitudo zote ni zako, na hiyo ni sawa na kusema kwamba huna hata moja.

Jambo ambalo halisemwi mara nyingi ni kwamba hata saa hizo nyembamba hazitulii. Barafu ambayo kituo kimejengwa juu yake inateleza kwa karibu meta 10 kila mwaka, na majengo yote yanakwenda nayo. Alama ya Ncha ya kijiografia huondolewa na kusimikwa upya mahali sahihi kila tarehe 1 Januari. Chukua kibanda kilicho meta 100 kutoka Nchani, na tuseme barafu inakisogeza kando badala ya kukielekeza moja kwa moja Nchani. Meta 10 kati ya meta 100 ni badiliko la karibu nyuzi 5.7 za longitudo, ambazo kwa saa ya jua ni dakika 23. Mtu ambaye angesisitiza kufuata saa ya jua ya kibanda hicho angelazimika kuirekebisha kwa dakika 23 kila mwaka, wakati kibanda hakijahamishwa na mtu yeyote.

Ugumu huu haukuanza na saa. Dira ya mahali hapo ilikuwa na tatizo lilelile, kwa kuwa kutoka Ncha ya Kusini kila upande ni kaskazini. Ufumbuzi uliopatikana ni makubaliano matupu: upande unaoelekea mstari wa Greenwich ukaitwa kaskazini ya gridi, na pande nyingine zikapangwa kutokana na huo. Hakuna kitu chochote juu ya barafu kinachoulazimisha upande huo uwe kaskazini zaidi ya mwingine. Saa ilihitaji makubaliano ya namna hiyo hiyo, isipokuwa kwamba waliokubaliana juu ya saa walikuwa na jambo la kuangalia ambalo wenye dira hawakuwa nalo: ndege.

Njia ya chakula na mafuta

Kituo kilijengwa kuanzia mwishoni mwa mwaka 1956 kwa ajili ya Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, na watu 18 wakapita hapo majira ya baridi ya kwanza mwaka 1957. Tangu wakati huo kimekuwa cha Marekani, na ofisi zake kuu ziko Marekani, lakini njia yake ya uhai haitokei huko moja kwa moja. Watu na mizigo hupitia Christchurch, Nyuzilandi, kisha kituo cha McMurdo kilicho pwani ya Antaktika, halafu Nchani kwa ndege za LC-130, ambazo zina matelezi ya kutua juu ya theluji. Kipande hicho cha mwisho ni kama kilometa 1,350, na huchukua karibu saa tatu. McMurdo hufuata saa ya Nyuzilandi, na Ncha hufuata McMurdo.

Ili kuona kwamba uamuzi huu una maana, tujaribu kuweka saa nyingine mahali pake. Kuna watu ambao wangesema kwamba mahali pasipo na longitudo pangefaa kufuata UTC, kwa kuwa ni saa isiyo ya nchi yoyote. Basi tuchukue siku ya kazi mwezi wa Desemba, wakati Nyuzilandi iko saa 13 mbele ya UTC. Ndege inaruka McMurdo saa 08:00 na kutua Nchani saa 11:00, katikati ya zamu ya asubuhi. Wahudumu wa mafuta, wapakuzi wa mizigo, wazimamoto wa uwanja na mtaalamu wa hali ya hewa wamekwisha kunywa chai na wako kazini. Kama kituo kingekuwa kikifuata UTC, ndege ile ile ingetua saa 22:00 za usiku wa tarehe iliyotangulia. Jua lingekuwa linawaka vilevile, maana mwezi huo haliondoki angani, kwa hiyo rubani asingepata shida yoyote. Shida ingekuwa ya wapakuzi, ambao wangeamshwa kila usiku wa msimu, au ingebidi zamu nzima ya mchana ihamishiwe usiku, na hapo kituo kingekuwa kinafuata saa ya Nyuzilandi kwa vitendo huku ukutani kikionyesha namba nyingine.

Hapo ndipo ninapoliona kiini cha kisa hiki. Mahali ambapo jua halisemi watu waamke lini, saa inabaki na kazi moja tu, nayo ni kuwafanya watu wanaotegemeana wawe macho kwa pamoja. Kwa hiyo swali la kituo cha nchani ni kutambua ni nani hasa ambaye kituo hakiwezi kumkosa akiwa macho. Kwa Amundsen-Scott ni McMurdo. Jikoni hupika kifungua kinywa, chakula cha mchana na cha jioni kwa saa hiyo, na kwa mkazi wa kawaida ni milo hiyo inayomwambia kwamba siku imeanza au imekwisha.

Gharama ya kutowafuata wengine nayo inaonekana. Ofisi za Washington ziko nyuma ya kituo kwa saa 18 wakati wa msimu wa ndege, ambazo ni sawa na kuwa mbele saa sita lakini katika tarehe ya jana. Saa 08:00 za Nchani, ofisi ya Washington iko saa 14:00 ya siku iliyotangulia, kwa hiyo pande mbili zina kama saa tatu za kuzungumza kabla ofisi haijafungwa. Jumatatu ya Nchani ni Jumapili ya Washington, na Jumamosi, ambayo kituoni ni siku ya kazi, Washington ni Ijumaa. Tofauti yenyewe haitulii pia, kwa sababu Marekani na Nyuzilandi husogeza saa zao kwa tarehe tofauti na kwa mwelekeo ulio kinyume: katika Machi inashuka kutoka 18 hadi 17, Aprili inakuwa 16, mwisho wa Septemba inarudi 17, na Novemba 18. Katika majira ya baridi ya Nchani, saa 08:00 za kituo ni saa 16:00 za Washington, na dirisha la mazungumzo linabaki saa moja.

Pale majirani wanapochagua tofauti

Kanuni hii ya kumfuata anayekulisha inathibitishwa vizuri na mahali ambapo walishaji walikuwa wawili. Kituo cha Vostok cha Warusi kiko ndani kabisa ya Antaktika ya Mashariki, karibu na longitudo 107 mashariki, ambako jua lenyewe lingedai saa inayoitangulia UTC kwa karibu saa saba. Katika msimu wa kiangazi wa 2000 hadi 2001, watafiti wa Kimarekani walipiga kambi yao umbali wa kilometa tatu hivi kutoka kituo hicho. Warusi walikuwa saa sita mbele ya UTC, na kambi ya Wamarekani, iliyohudumiwa kutoka McMurdo, ilikuwa mbele yao kwa karibu saa sita. Mtu angeweza kutembea kwa miguu kutoka kambi moja hadi nyingine kwa muda usiofika saa moja, akaondoka baada ya chakula cha mchana na kuwakuta wenyeji wake wakitayarisha kifungua kinywa. Hakuna kambi iliyokuwa imekosea. Kila moja ilikuwa macho pamoja na watu wake.

Kituo cha Troll cha Norwei kimekwenda mbali zaidi, kwa kuwa na saa mbili kwa zamu. Katika miezi ya kiangazi cha kusini, wakati ndege na meli za nchi kadhaa zinahudumia vituo vya eneo hilo, Troll hufuata UTC ili wote wasome ratiba moja. Msimu ukifungwa, na wanaobaki wakawa hawana wa kuzungumza naye isipokuwa nyumbani, kituo hurudi kwenye saa ya Norwei. Katika hifadhidata ya majira inayotumiwa na kompyuta nyingi, badiliko la Troll limeandikwa kama mruko wa saa mbili kwa mara moja, jambo ambalo ni adimu sana duniani.

Na kuna mfano wa kituo ambacho saa yake imekuwa ikivutwa huku na huko. Casey, cha Australia, kilikuwa saa nane mbele ya UTC hadi tarehe 18 Oktoba 2009, kilipohamia saa 11 mbele, kisha mwezi Machi 2010 kikarudi saa nane, na miaka iliyofuata kikahama tena mara kadhaa. Kila uhamaji wa saa tatu ni sawa na kuuvusha mwili wa kila mkazi kutoka nchi moja hadi nyingine bila yeye kuondoka kitandani. Kwa mtu anayesoma takwimu za hali ya hewa za Casey miaka ishirini baadaye, kila uhamaji ni mahali pengine pa kukosea.

Saa tatu ndani ya jengo moja

Turudi Nchani. Ingawa saa ya ukutani ni ya Nyuzilandi, kituo hakiishi kwa saa moja. Vyombo vya kisayansi huandika kwa UTC, ambayo IceCube huipata kutoka setilaiti za GPS, na wanaopima hali ya hewa vilevile huhesabu vipimo vyao kwa UTC ili vilingane na vya dunia nzima. Marubani pia hupanga safari kwa UTC, na sababu yake inaonekana wazi pale ndege inapotoka upande usio wa kawaida. Mwezi Juni 2016, katikati ya giza la majira ya baridi, ndege ndogo ya Twin Otter ilitumwa kutoka Rothera, kituo cha Uingereza kilicho upande wa Amerika ya Kusini, kwenda Nchani kuchukua wagonjwa. Rothera iko saa tatu nyuma ya UTC, na Ncha wakati huo iko saa 12 mbele, tofauti ya saa 15. Tuseme ndege ya namna hiyo inaruka Rothera Jumanne saa 09:00 na safari ni ya saa kumi. Kwa Rothera inatua saa 19:00 Jumanne, na kwa Ncha inatua saa 10:00 Jumatano. Anayewasha taa za uwanja na kupasha moto mafuta akisoma ratiba hiyo kwa saa isiyo yake, atakuwa tayari nusu siku kabla au baada. Kwa UTC ni rahisi: inaondoka saa 12:00 na kutua saa 22:00, na hakuna wa kubishana.

Saa ya tatu haikuchaguliwa na mtu. Setilaiti za kawaida za mawasiliano, zilizo juu ya Ikweta, hazionekani kutoka Nchani, maana ziko chini ya upeo wa macho. Kwa miongo mingi kituo kimetegemea setilaiti za zamani ambazo mzunguko wake umeinama, zikachungulia juu ya upeo kwa saa chache kila siku. Setilaiti za aina hiyo hurudi mahali pale pale kila baada ya saa 23 na dakika 56, ambayo ni siku ya nyota, wala si saa 24. Kwa hiyo dirisha la mawasiliano huja mapema kwa karibu dakika nne kila siku. Likifunguka saa 06:00 tarehe 1 Juni, tarehe 1 Julai litafunguka kama saa 04:02, na baada ya miezi sita litakuwa limehamia upande wa pili wa siku. Wakazi hubandika ratiba ya madirisha hayo na kuifuata kama watu wa pwani wanavyofuata maji kujaa na kupwa, ambayo nayo hayangoji saa ya ukutani. Ninalitaja hili kwa sababu linaonyesha mpaka wa uchaguzi wowote wa saa: hata kituo kingechagua saa gani, dirisha hilo lisingetulia.

Na jua lenyewe, ambalo tumesema halina la kusema, linabaki na kazi moja ya kupendeza. Katika kiangazi linazunguka anga kwa kimo kilekile, kutoka kulia kwenda kushoto, nyuzi 15 kwa saa. Kwa kuwa saa ya kawaida ya Nyuzilandi iko saa 12 mbele ya UTC, saa sita mchana kwa saa hiyo jua huwa juu ya longitudo 180, yaani kusini ya gridi, na saa sita usiku huwa kaskazini ya gridi. Mkazi anayezijua pande za gridi anaweza kusoma saa kwa kutazama jua liko upande gani, na atakosea kwa robo saa tu hivi. Lakini msimu wenyewe wa jua unaangukia wakati Nyuzilandi imekwisha kusogeza saa mbele, kwa hiyo lazima aongeze saa moja.

Hitilafu inavyoingia

Tulitazame tena tukio la Septemba 2017, safari hii kwa macho ya mtu wa matengenezo. Tuseme anataka kujua kama kulikuwa na mtikisiko wa umeme wakati nyutrino ilipopita, ili aondoe shaka kwamba vihisi vilidanganywa. Jina la tukio linamwambia tarehe 22. Anafungua daftari la mitambo, ambalo zamu huliandika kwa saa ya ukutani, na kutafuta 22 Septemba saa 20:54. Ataukuta mstari huo, kwa kuwa saa hiyo ilikuwapo, na atasoma hali ya mitambo ya saa 12 kabla ya tukio. Hakuna kitu kitakachomwonya. Hilo ndilo linalofanya kosa la saa liwe baya: linatoa jibu lililo kamili na lisilo sahihi. Hesabu sahihi inapatikana kwa amri moja:

```
TZ=Antarctica/South_Pole date -d '2017-09-22 20:54:30 UTC'
```

Jibu lake ni Jumamosi, 23 Septemba, saa 08:54:30. Jina hilo la `Antarctica/South_Pole` ndani ya kompyuta ni kiungo tu kinachoelekeza kwenye `Pacific/Auckland`, kwa hiyo Ncha hurithi kila uamuzi wa serikali ya Nyuzilandi kuhusu saa.

Na urithi huo ulifika siku iliyofuata. Jumapili tarehe 24 Septemba 2017, saa 02:00, Nyuzilandi ilisogeza saa mbele, na Ncha ikasogea nayo. Mtu anayejaribu kuoanisha daftari na data za wiki hiyo kwa kuongeza saa 12 kila mahali atakuwa sahihi hadi Jumamosi, na kuanzia Jumapili atakosea kwa saa moja. Kosa la saa 12 lina bahati ya kuonekana siku moja, kwa mfano mlo wa jioni ukiangukia alfajiri. Kosa la saa moja linajificha. Alama yake katika daftari la Septemba ni pengo: hakuna kilichoandikwa kati ya 02:00 na 03:00, na mtu asiyejua hudhani mlinzi wa zamu alilala.

Aprili ni mbaya zaidi, kwa kuwa saa moja inaishi mara mbili. Tarehe 1 Aprili 2018, ilipofika saa 03:00, saa zilirudishwa 02:00. Nyakati hizi mbili, zilizoachana kwa saa nzima, zinatoa maandishi yaleyale ya ukutani:

```
TZ=Antarctica/South_Pole date -d '2018-03-31 13:30 UTC'
TZ=Antarctica/South_Pole date -d '2018-03-31 14:30 UTC'
```

Zote mbili ni 02:30, Jumapili tarehe 1 Aprili. Kompyuta inazitofautisha kwa kuandika NZDT, yaani saa ya Nyuzilandi iliyosogezwa mbele, kwa ya kwanza na NZST, saa yake ya kawaida, kwa ya pili, lakini mkono wa mlinzi wa jenereta hauandiki herufi hizo. Mstari wa daftari uliowekwa 02:30 usiku huo hauwezi kurejeshwa kwenye UTC kwa hakika, isipokuwa mistari ya kabla na baada yake isaidie. Dalili ya kutafuta ni saa zinazorudi nyuma ukurasani: 02:50 ikifuatwa na 02:10. Dawa ni nyepesi, nayo ni kuandika UTC pembeni ya kila ingizo, hata kama watu wanaendelea kula na kulala kwa saa ya Nyuzilandi.

Je, kusogeza saa kuna haja?

Hapa natofautiana na mpangilio uliopo, na sababu yangu iko kwenye kalenda. Nyuzilandi huwa saa 13 mbele ya UTC kuanzia Jumapili ya mwisho ya Septemba hadi Jumapili ya kwanza ya Aprili. Msimu wa ndege wa Ncha huanza mwishoni mwa Oktoba au mapema Novemba na kufungwa katikati ya Februari. Msimu wote, kutoka ndege ya kwanza hadi ya mwisho, umo ndani ya kipindi cha saa 13. Mabadiliko yote mawili, la Aprili na la Septemba, huangukia miezi ambayo kituo kimefungwa, hakuna ndege ya ratiba, na jua ama limetua ama ndiyo kwanza linachungulia. Kama Ncha ingebaki saa 13 mbele ya UTC mwaka mzima, hakuna ndege hata moja ya kiangazi ambayo ingeona tofauti. Pengo la Septemba na saa pacha ya Aprili vingetoweka, na wale watu arobaini au hamsini wa majira ya baridi, ambao usingizi wao tayari unataabika kwa kukosa jua miezi sita, wangepumzishwa na misukosuko miwili isiyo na faida kwao.

Nakubali kwamba kuna kinachopotea. McMurdo hupokea ndege pia nje ya msimu wa Ncha, kwa hiyo haiwezi kujitenga na Christchurch, na kuanzia Aprili hadi Septemba Ncha na McMurdo zingeachana kwa saa moja. Mikutano ya redio kati ya vituo viwili vya mpango mmoja ingehitaji hesabu, na kila kompyuta ya Nchani ingelazimika kuacha kiungo cha Auckland na kupewa kanuni yake yenyewe. Kwa Washington, dirisha la majira ya baridi, ambalo tumeona ni la saa moja, lingeongezeka likawa la saa mbili, kwa kuwa saa 08:00 za Nchani zingekuwa saa 15:00 huko. Nikizipima pande hizo, naona saa moja ya tofauti na McMurdo katika miezi isiyo na ndege ni gharama ndogo kuliko daftari lisiloweza kusomeka kwa hakika.

Usiku wa Jumamosi ile ya Septemba 2017, wakazi walirekebisha saa zao kabla ya kulala, au waliziacha kompyuta zifanye hivyo zenyewe. Ikwinoksi, yaani wakati jua linapovuka Ikweta, ilikuwa imepita dakika 52 tu kabla ya nyutrino, na jua, ambalo baridi na mpindo wa mwanga vilikuwa vimekwisha kuliinua juu ya upeo, lilikuwa likizunguka chini kabisa ya anga. Saa 02:00 ikawa 03:00. Jua liliendelea na mzunguko wake kuelekea kushoto, nyuzi 15 kwa saa, na vihisi vya chini ya barafu viliandika 14:00 UTC, tarehe 23.